Shajara ya mradi: mauzo yaliyorudi Januari 1970

12 Juni 2024: hali ilivyo

Mfumo wenyewe si mkubwa. Kuna maduka matatu ya dawa, moja Sinza, moja Tandale na moja Mbagala Rangi Tatu. Kila duka lina simu mbili za Android zenye programu ya mauzo. Simu inahifadhi mauzo yenyewe hata mtandao ukikatika, kisha inasawazisha na seva ukirudi. Seva ni ya kukodi, imeandikwa kwa Python na inatumia PostgreSQL. Mwenye maduka anaangalia ripoti kwenye kivinjari, na ukurasa huo umeandikwa kwa JavaScript. Nimeukabidhiwa mfumo ukiwa tayari unafanya kazi.

Wiki hii nusu ya simu zimewekewa toleo la 2 la programu, nyingine bado zina toleo la 1. Ukurasa wa ripoti nao umebadilishwa. Leo mwenye maduka amepiga simu: "Mwanangu, mauzo ya Tandale yamepotea yote. Nikitafuta jana hakuna kitu, nikifungua orodha nzima naona mwaka sabini."

Hayajapotea. Yote yapo chini kabisa ya orodha, yamerundikana tarehe 20 na 21 Januari 1970.

Saa zote humu naziandika kwa mtindo wa simu, yaani 21:40 ni saa tatu na dakika arobaini usiku. Vinginevyo shajara hii haitasomeka.

13 Juni: kwa nini tarehe 21 Januari

Seva inaweka wakati wa mauzo kama namba nzima inayohesabiwa kuanzia 1 Januari 1970, saa 00:00 UTC. Swali ni moja tu: namba hiyo inahesabu sekunde au milisekunde? Python, PostgreSQL na SQLite kwa kawaida hutumia sekunde. Java ya Android na JavaScript hutumia milisekunde. Kwa tarehe za miaka hii sekunde zina tarakimu 10 na milisekunde zina 13, kwa hiyo kuhesabu tarakimu kunatosha kuanza uchunguzi:

```sql
SELECT length(wakati::text) AS tarakimu, count(*)
FROM mauzo GROUP BY 1;
```

Jibu lilikuja na makundi mawili, 10 na 13. Toleo la 1 linatuma wakati kama maandishi, na seva inayageuza kuwa sekunde. Toleo la 2 linatuma `System.currentTimeMillis()` ilivyo. Zote zinaingia safuwima moja, na ukurasa mpya wa ripoti unaita `new Date(wakati)`, ambayo inaamini kila namba ni milisekunde.

Chukua risiti moja ya Tandale, ya Jumatatu 10 Juni saa 21:40. Kwenye jedwali ina 1718055600. Ukiisoma kama milisekunde unapata sekunde 1,718,055 na kitu, yaani siku 19 na saa 21 hivi baada ya mwanzo wa 1970. Ongeza saa tatu za Dar, unatua 21 Januari 1970 saa 00:14. Namba yoyote ya sekunde ya miaka hii itatua siku hizo hizo, kwa sababu kila kitu kimefinywa mara elfu moja. Siku nzima ya mauzo inakuwa sekunde 86 tu. Ndiyo maana mauzo ya Jumapili na ya Jumatatu yalionekana yamepishana dakika moja na nusu, jambo lililomfanya muuzaji wa Tandale adhani programu imejiuzia yenyewe.

Kosa likiwa upande wa pili, milisekunde zikasomwa kama sekunde, tarehe inaruka hadi mwaka wa elfu hamsini na sita na ushee. Ukiona 1970 au mwaka wa tarakimu tano, ni kosa la kipimo. Usihangaike na saa za kanda kwanza.

14 Juni: rekebisho la kwanza

Tumeweka kigezo: namba ikiwa chini ya 100,000,000,000 ni sekunde, izidishwe kwa 1000. Ikisomwa kama sekunde, namba hiyo ni mwaka 5138. Ikisomwa kama milisekunde, ni Machi 1973. Hakuna mauzo yetu yanayogusa kingo hizo, kwa hiyo kigezo ni salama kwa jedwali la mauzo.

```sql
UPDATE mauzo SET wakati = wakati * 1000
WHERE wakati < 100000000000;
```

Kigezo hicho hicho kimeingizwa kwenye seva, ili simu za toleo la 1 zinazoendelea kutuma zigeuzwe papo hapo. Mauzo ya Tandale yamerudi Juni. Mwenye maduka ameshukuru, na mimi nikafunga kompyuta mapema.

Gharama hadi hapa: nakala rudufu ya kanzidata kabla ya `UPDATE` ilichukua dakika chache, na seva ndogo ya majaribio imekodiwa kwa Sh 20,000 ya mwezi. Nakala ile ndiyo iliyotuokoa baadaye.

19 Juni: Ripoti ya Z haikubali

Kila duka lina mashine ya EFD, na kila siku mashine inatoa Ripoti ya Z yenye jumla ya siku. Mwenye maduka ameketi na ripoti hizo kalamu mkononi. Sinza zinalingana. Tandale hazilingani hata siku moja: Jumatatu imepungua, Jumanne inabeba vitu visivyo vyake. Ukijumlisha wiki nzima hesabu inakaa sawa isipokuwa kwenye ncha. Hiyo ni dalili nzuri sana, kwa sababu inaonyesha fedha zipo na ni siku tu zinazohama.

Nilirudi kwenye risiti ile ya 10 Juni. Karatasi ya EFD inasema 10/06/2024, 21:40. Mfumo wetu, baada ya rekebisho, unasema 11 Juni saa 00:40. Saa tatu kamili mbele. Kwa duka linalofungwa saa 22:00, hii ina maana kila kinachouzwa kuanzia saa 21:00 kinahesabiwa kesho. Mauzo ya mchana nayo yamesogea, ila hayabadilishi tarehe, kwa hiyo hakuna aliyeyashuku.

Kumbe rekodi zile zilikuwa na makosa mawili, na la kwanza lilikuwa limelifunika la pili. Mwaka 1970 unaonekana na kila mtu. Saa tatu hazionekani mpaka upate karatasi ya kulinganishia.

Chanzo ni mistari hii miwili ya seva:

```python
t = datetime.strptime(d["wakati"], "%Y-%m-%d %H:%M:%S")
sekunde = int(t.timestamp())
```

Toleo la 1 linatuma "2024-06-10 21:40:00" bila kusema ni saa za wapi. Python ikikutana na wakati usiotaja kanda, `timestamp()` inachukulia ni saa za mashine inapoendeshewa. Seva iko UTC, kwa hiyo saa 21:40 ya Tandale ikahesabiwa kama 21:40 UTC, ambayo Dar ni 00:40 ya kesho yake. Kompyuta zetu za ofisini zimewekwa saa za Afrika Mashariki, hivyo kila jaribio lililofanywa hapa lilitoa jibu sahihi. Ukitaka kulinasa kosa hili mezani kwako, endesha majaribio ukiwa umeilazimisha mashine iwe UTC:

```
TZ=UTC pytest
```

Majaribio yaliyokuwa yanapita yote yalianguka mara moja.

20 Juni: dakika 33

Rekebisho la mistari ile lilionekana jepesi: ambatisha kanda kabla ya kugeuza. Tulitumia maktaba ya `pytz` iliyokuwa tayari kwenye mradi, kwa `replace(tzinfo=pytz.timezone("Africa/Dar_es_Salaam"))`. Risiti yetu ikatoka 22:13. Si 21:40 wala 00:40. Imezidi dakika 33.

Hili linawachanganya wengi, kwa hiyo nalieleza. Kwenye orodha ya kanda za dunia, jina `Africa/Dar_es_Salaam` siku hizi ni kiungo tu kinachopeleka `Africa/Nairobi`. Historia ya Nairobi inaanzia na saa za jua za mji wenyewe, saa 2 na dakika 27 mbele ya UTC, zilizotumika hadi 1908. Kanda ya `pytz` ikipachikwa kwa `replace` inachukua mstari huo wa kwanza wa historia badala ya saa tatu za leo. Tofauti ya 3:00 na 2:27 ndiyo dakika zetu 33. Ama utumie `localize()` ya maktaba hiyo, ama uachane nayo. Tumeachana nayo, kwa kuwa Python kuanzia 3.9 ina `zoneinfo` yake:

```python
t = t.replace(tzinfo=ZoneInfo("Africa/Dar_es_Salaam"))
ms = int(t.timestamp() * 1000)
```

Risiti: 1718044800000, yaani 18:40 UTC, yaani 21:40 Dar. Inalingana na karatasi.

Ningeweza kuandika tu "toa saa tatu" kwa sababu Tanzania haibadilishi saa kwa majira, na ingefanya kazi. Sikupenda, kwa sababu namba 10800 iliyoachwa peke yake ndani ya msimbo humfanya mtu wa baadaye aitoe mara ya pili.

24 Juni: rekodi zipi za kurudisha nyuma?

Rekodi mpya sasa zinaingia vizuri. Kazi ngumu ni zile za zamani. Kosa la kipimo linajitambulisha kwa tarakimu, lakini kosa la kanda halina alama yoyote: 1718055600000 inaweza kuwa mauzo halali ya saa 00:40 au mauzo ya 21:40 yaliyosogezwa. Zamani tarakimu 10 zilikuwa ushahidi kwamba rekodi imetoka toleo la 1. Ile `UPDATE` ya tarehe 14 iliufuta ushahidi huo, kwa kuwa iliandika juu ya safuwima ile ile.

Kwa mauzo ya kabla ya tarehe 14 tulifungua nakala rudufu na kusoma namba ghafi. Kwa yale yaliyoingia kati ya 14 na 20 hakuna nakala yenye tarakimu 10, maana seva ilikuwa inazidisha kabla ya kuhifadhi. Jedwali pia halikuwa na safuwima ya toleo la programu.

Kilichosaidia ni safuwima ya `pokelewa_ms`, wakati ambao seva yenyewe ilipokea rekodi. Seva haiwezi kupokea mauzo kabla hayajafanyika. Kwa hiyo mauzo yakionekana yamefanyika *baada* ya kupokelewa, saa yake imesogezwa mbele.

```sql
SELECT simu_id,
       (to_timestamp(pokelewa_ms/1000)
        AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam')::date AS siku,
       max(wakati - pokelewa_ms) AS mbele
FROM mauzo GROUP BY 1, 2 ORDER BY 1, 2;
```

Simu nzima inatoa namba hasi ndogo, sekunde chache za safari ya mtandao. Simu iliyosogezwa inatoa karibu 10,800,000, ambazo ni saa tatu kwa milisekunde. Tumia `max`, usitumie wastani: simu iliyokaa bila mtandao tangu asubuhi ina mauzo yaliyopokelewa saa nyingi baadaye, na hayo yanazamisha wastani, lakini rekodi moja tu iliyotumwa papo hapo inatosha kuisaliti simu. Kuipanga kwa siku kunaonyesha pia siku ambayo simu ilihamia toleo la 2: namba inashuka ghafla kutoka milioni kumi na kitu hadi chini ya sifuri.

Njia hii ina mpaka wake. Siku ambayo simu ilisawazisha mara moja tu, saa nyingi baada ya mauzo ya mwisho, haisemi lolote. Siku za namna hiyo zilikuwa chache, karibu zote za Mbagala, na tulizilinganisha na risiti za EFD moja moja. Kazi ya kuchosha, nauli ya kwenda na kurudi Rangi Tatu na mchana mzima.

25 Juni: kurekebisha bila kuharibu tena

Kuzidisha kwa 1000 kwa kigezo kile unaweza kurudia bila madhara, kwa sababu namba iliyokwisha kuzidishwa haiguswi tena. Kutoa saa tatu hakuna kinga hiyo: ukiendesha mara mbili unakuwa umetoa saa sita. Safari hii hatukugusa safuwima ya zamani. Tumeongeza `wakati_sahihi`, na kila mara tunaihesabu upya kutoka ile ghafi:

```sql
UPDATE mauzo m SET wakati_sahihi = m.wakati -
  CASE WHEN s.imesogea THEN 10800000 ELSE 0 END
FROM siku_za_simu s
WHERE s.simu_id = m.simu_id
  AND s.siku = (to_timestamp(m.pokelewa_ms/1000)
                AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam')::date;
```

Jedwali la `siku_za_simu` tulilijaza kutokana na uchunguzi wa jana. Ukiendesha mara kumi jibu ni lile lile. Jumla za kila siku za Tandale sasa zinafanana na Ripoti za Z, shilingi kwa shilingi, isipokuwa siku moja ambayo muuzaji alitoa risiti mbili kwa mteja mmoja. Hiyo ni kesi ya dukani.

1 Julai: simu inayoonyesha saa sahihi na bado inadanganya

Simu moja ya Mbagala ina toleo la 2 tangu mwanzo, lakini uchunguzi unaipa 10,800,000. Kwa karatasi haiwezekani, maana `currentTimeMillis()` haijali kanda.

Nilimwomba muuzaji anitumie picha ya mipangilio ya saa. Simu ilikuwa ya mtumba, kanda yake imewekwa GMT+0, na tarehe ya kujiweka yenyewe imezimwa. Mwenye simu wa zamani au fundi aliona saa iko nyuma, akaisogeza mbele kwa mkono saa tatu. Kioo kinaonyesha 21:40 na ukutani ni 21:40, lakini ndani simu inaamini ni 21:40 UTC. Kila programu inayotumia namba ghafi inapata saa tatu zaidi.

Hakuna msimbo wa seva unaoweza kujua hilo kwa kuangalia rekodi moja. Tulichofanya: kila simu inaposawazisha inatuma pia saa yake ya sasa, na seva inalinganisha na ya kwake. Tofauti ikizidi dakika tano, programu inamwonyesha muuzaji onyo la kuwasha tarehe, saa na kanda za kujiweka zenyewe. Mauzo yanapokelewa hata hivyo, ila tofauti hiyo inaandikwa pembeni ya kila rekodi. Kuyakataa kungekuwa kumfungia muuzaji duka kwa sababu ya mipangilio.

3 Julai: vifurushi vinavyoisha

Tandale wamekuwa wakilalamika kwamba kifurushi cha intaneti hakimalizi wiki. Nililichukulia ni lalamiko la kawaida la vifurushi mpaka nikatazama kumbukumbu za seva. Simu ikitaka mabadiliko ya bei inatuma `tangu=` na wakati wa usawazishaji wa mwisho. Toleo la 1, ingawa mauzo linayatuma kwa maandishi, hapa linatuma sekunde, na jedwali la bei liko kwenye milisekunde. Kila bei duniani ni mpya kuliko 21 Januari 1970, kwa hiyo seva inarudisha orodha nzima ya dawa, karibu megabaiti 2, kila robo saa. Kwa duka linalokaa wazi kwa muda wa saa 14 hiyo ni zaidi ya megabaiti 100 kwa simu kwa siku, na hakuna hitilafu yoyote inayoonekana kwenye kioo.

Hali ikigeuka, simu ikatuma milisekunde kwa seva inayohesabu sekunde, hairudishwi bei hata moja na simu inabaki na bei za zamani kimyakimya. Afadhali ile ya kwanza. Tumekipitisha kigezo cha tarakimu kwenye `tangu` pia, na matumizi ya data yameshuka siku hiyo hiyo.

9 Julai: kigezo kilipovuka mipaka

Kigezo kile kilifanya kazi vizuri mno, kikaingizwa kwenye kila sehemu yenye wakati. Leo, baada ya sikukuu ya Sabasaba, orodha ya wateja wa dawa za presha imemwonyesha mzee mmoja wa Sinza amezaliwa mwaka 3335. Alizaliwa 15 Mei 1971. Kwa milisekunde hiyo ni 43102800000, iliyo chini ya kikomo chetu, ikadhaniwa sekunde na kuzidishwa.

Hapa si kikomo kinachohitaji kusogezwa. Tarehe ya kuzaliwa haikupaswa kuwa namba ya wakati tangu mwanzo, na tarehe ya dawa kuisha muda vilevile. Dawa inayoisha 31 Agosti 2025 ilihifadhiwa kama saa 00:00 ya Dar, ambayo kwa UTC ni 30 Agosti saa 21:00, na ripoti inayochapwa na seva ilisema 30. JavaScript nayo ina mtego wake: `new Date("2025-08-31")` inasomwa kama UTC, lakini `new Date("2025-08-31T00:00:00")` inasomwa kama saa za kifaa.

Safuwima hizo mbili zimegeuzwa kuwa aina ya `date` ya PostgreSQL, na kwenye usawazishaji zinasafiri kama maandishi `1971-05-15`, bila kugeuzwa na yeyote. Kwa mauzo na mabadiliko ya bei tumebaki na milisekunde za UTC, na majina ya safuwima yanaishia na `_ms` ili anayesoma asikisie. Kanda ya Dar inaingia sehemu mbili tu: wakati wa kuonyesha, na wakati wa kukata siku kwa ajili ya ripoti.

Simu mbili za Tandale bado ziko toleo la 1, kwa sababu Android yake ni ya zamani na haikubali toleo la 2. Mwenye maduka amesema atazibadilisha mwisho wa mwezi. Hadi hapo mistari ya `zoneinfo` inabaki kwenye seva, na uchunguzi wa `mbele` unaendeshwa kila usiku saa 23:00, baada ya maduka kufungwa.